Weka Kalamu Chini Kwanza

Malalamiko yanayofika mezani kwangu, hapa chuo chetu cha ufundi Dodoma, yameongezeka tangu turuhusu wanafunzi kuomba karatasi zao zikaguliwe upya. Mengi yanahusu mshale mmoja tu, ule unaoonyesha mkondo wa umeme au kani kwenye mchoro wa swali la sumaku na umeme. Mwanafunzi amepiga hesabu vizuri, jibu liko sawa, ila mshale unaelekea upande usio wake. Mzazi naye anauliza kwa nini mshale umekula alama 1 kati ya 5.

Sababu ya kwanza ni ya kuchekesha kidogo. Wengi huandika kwa mkono wa kulia. Upande wa mshale tunautafuta kwa kanuni za mikono za Fleming, yaani kunyoosha gumba, shahada na kidole cha kati kila kimoja upande wake. Swali la jenereta linataka mkono huohuo wa kulia, lakini umeshika kalamu, basi mtu ananyoosha wa kushoto ulio huru. Nimesimamia chumba cha mtihani nikaona safu nzima ikifanya hivyo. Mikono hii haibadilishani kazi. Wa kulia unatafuta mkondo pale mwendo unapouzalisha. Wa kushoto unatafuta kani pale mkondo tayari upo. Katika yote miwili, kidole cha shahada ni uga wa sumaku, cha kati ni mkondo, na gumba ni mwendo au kani.

Tufanye zoezi. Bandika karatasi ukutani, usiilaze mezani, maana ikilala "kuingia ndani ya karatasi" kunakuwa kwenda chini na vidole vinakuchanganya. Chora reli mbili za kulala, moja juu na nyingine chini. Upande wa kushoto ziunganishe kwa rezista. Katikati simamisha fimbo ya shaba inayogusa reli zote mbili. Kisha jaza nafasi kwa misalaba midogo: huo ni uga unaoingia ukutani, kama mshale unaoondoka ukakuachia manyoya ya mkiani. Ungekuwa unakujia, ungeona ncha, ndiyo maana tunachora nukta. Mwisho weka mshale wa mwendo, fimbo ikivutwa kulia.

Sasa weka kalamu chini. Kiganja cha kulia kitazame dari, shahada ielekee ukutani, gumba lielekee kulia, na kidole cha kati ukikunje kisimame. Kinaelekea juu, basi mkondo ndani ya fimbo unapanda. Chora mshale huo kwenye fimbo yenyewe, si pembeni. Ukiufuata, unafika reli ya juu, unakwenda kushoto, unashuka kwenye rezista na kurudi kwa reli ya chini.

Hapa ndipo wengi wanaacha. Fimbo sasa ina mkondo na iko ndani ya uga, kwa hiyo uga unaisukuma. Badili mkono: kiganja cha kushoto kitazame dari vilevile, shahada ukutani, cha kati juu. Gumba limeangalia kushoto. Ukiweka mikono yote miwili sambamba, shahada na vidole vya kati vinakubaliana, magumba yanakataana. Ndiyo kanuni ya Lenz ya mwaka 1834: mkondo unaozaliwa hupinga badiliko lililouzaa.

Tuweke namba. Uga ni tesla 0.2, fimbo kati ya reli ina mita 0.5, mwendo ni mita 3 kwa sekunde. Zidisha vyote vitatu upate volti 0.3. Ukinzani wa saketi nzima ukiwa omu 0.6, mkondo ni ampea 0.5. Kani ya kurudisha nyuma ni 0.2 × 0.5 × 0.5, yaani nyutoni 0.05. Mkono wako unaovuta kwa kasi ileile unatumia 0.05 × 3, wati 0.15, rezista inapasha moto kwa 0.5 × 0.5 × 0.6, wati 0.15 hizohizo. Ungechora kani kuelekea kulia, fimbo ingejisukuma yenyewe na kuongeza kasi bila mtu, nawe ungekuwa na umeme wa bure. Hakuna kitu kama hicho, na tafadhali msiniletee tena video zake.

Rudia zoezi kwa nukta badala ya misalaba, mwendo ubaki kulia. Mkondo utashuka, lakini kani bado itaangalia kushoto. Anayedhani kugeuza uga kunageuza kila kitu hukamatwa hapa.

Kuhusu alama, utaratibu wetu wa ndani ni huu, na hauchukui nafasi ya mwongozo wa mtihani wowote wa taifa. Mshale wa mkondo alama 1, wa kani alama 1, hesabu alama 3. Mshale wenye ncha pande zote mbili haupati kitu. Mshale uliofutwa nusu husomwa kama ulivyo. Ombi la ukaguzi liandikwe namba ya swali na mshale unaolalamikiwa. Lisilo na namba hurudishwa kwa mwombaji.