Mkono uliokunja ngumi: dhana potofu kuhusu splinti na mkao wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Bibi mmoja alimleta kliniki mjukuu wake wa miaka minne. Mkono wa kulia ulikuwa umekunja ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani ya kiganja. Nilimwomba anionyeshe anavyouosha. Akashika ncha za vidole, akavuta. Mtoto akalia, kiwiko kikajikunja, na ngumi ikakaza kuliko mwanzo. Nilipofanikiwa kuchungulia ndani, ngozi ya kiganja ilikuwa imelowa, imekuwa nyeupe kwenye mikunjo na inanuka.

Dhana: Ngumi iliyokakamaa inyooshwe kwa nguvu, hatimaye itazoea.

Mkono huu haukukakamaa kwa kukosa mazoezi. Ubongo unaipa misuli amri ya kukaza, na misuli ya namna hiyo ikivutwa ghafla hujibu kwa kukaza zaidi. Ukivuta kidole gumba kwa ncha yake unaweza hata kuumiza kiungo.

"Bibi, naomba tuanzie hapa kwenye kifundo cha mkono," nilimwambia. Kifundo kikikunjwa taratibu kuelekea upande wa kiganja, kano za vidole hulegea, na ngumi huanza kufunguka yenyewe. Baada ya hapo shika gumba kwenye shina lake, pale penye nyama chini kabisa, ulitoe nje polepole. Vidole vingine hufuata. Vikishafunguka, vishike vikiwa vimenyooka, ndipo urudishe kifundo juu kidogo kidogo. Ukihisi mkono unakaza, usishindane nao. Tulia hapo hapo, usubiri ulegee.

Bibi alijaribu mwenyewe. Gumba lilipotoka bila kilio, alinyamaza akawa anakitazama tu kile kiganja.

Dhana: Tatizo liko mkononi, kwa hiyo mkao hauhusiki.

Hili ndilo ninalolirudia kuliko yote. Mtoto huyu alikuwa anashinda amelala chali, uso umegeukia upande mmoja. Kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, kulala hivyo hukaza mwili mzima: kichwa kinasukuma nyuma, miguu inanyooka kama fimbo, mikono inajifunga. Ukihangaika na vidole katika hali hiyo utachoka bure.

Tulimkalisha. Makalio yalirudishwa nyuma kabisa ya kiti, nyonga na magoti yakakunjwa kama herufi L, nyayo zikakanyaga boksi gumu ili miguu isining'inie. Tuliviringisha kanga mbili, moja kila ubavu, asiegemee upande. Meza ilikuwa usawa wa viwiko, na mikono yote miwili ikawekwa mbele, mahali anapoweza kuiona. Baada ya dakika chache kiwiko kilikuwa kimelegea kabla hatujakigusa.

Kama nyumbani hakuna kiti maalumu, kona ya ukuta na kanga zilizoviringishwa zinasaidia kwa muda mfupi. Akilala, mlaze ubavu, mto katikati ya magoti, na hakikisha mkono wa chini haubanwi na mwili. Mbadilishie mkao mara kwa mara, kwa kuwa hata mkao mzuri ukizidi humchosha.

Dhana: Splinti inaponya, kwa hiyo avae saa zote, ikibana ndiyo inafanya kazi.

Splinti, kifaa kinachovaliwa mkononi ili kuushikilia, haibadilishi amri inayotoka kwenye ubongo. Inashikilia mkono katika mkao mzuri, inalitoa gumba kiganjani, na inaruhusu hewa kufika kwenye ngozi. Mkono ukifungwa mchana kutwa unakosa nafasi ya kushika na kucheza, na hapo tumepoteza zaidi ya tulichopata.

Yule mtoto hakupewa splinti siku ile. Kiganja kilitakiwa kioshwe, kikaushwe na kupona kwanza. Alipoipata, alianza kwa nusu saa, bibi akiwa karibu, na muda ukaongezwa polepole tulivyokubaliana. Ndani alivaa soksi safi ya pamba iliyokatwa vidole.

Ukiivua, angalia ngozi. Alama inayofutika ndani ya dakika 20 hivi si tatizo. Ikibaki, usimvalishe splinti tena mpaka irekebishwe. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tafuta sehemu iliyozidi weusi au inayong'aa, na uipapase kama ina joto au ni ngumu. Vidole vikivimba au kupoa, ivue papo hapo.

Splinti ya plastiki hulainishwa kwa maji ya moto wakati wa kutengenezwa, kwa hiyo joto huiharibu umbo. Ioshe kwa maji ya kawaida na sabuni, na usiianike juani wala kuiacha karibu na jiko. Ikipinda, usijaribu kuinyoosha mwenyewe.

Bibi aliirudisha baada ya miezi michache, si kwa kupinda bali kwa sababu gumba lilikuwa limeanza kutokeza nje ya ukingo wake. Mtoto alikuwa amekua. Tukampima upya.