Kinachoinama pamoja na kichwa chako ndani ya miwani ya 3D

Jumamosi iliyopita, baada ya onyesho la jioni katika ukumbi wetu hapa Ngamiani, kijana mmoja alinirudishia miwani huku akiwaeleza wenzake: "Hii ina vichujio vya duara, na duara halina juu wala chini. Ndiyo maana ukilaza kichwa, picha haiharibiki." Maelezo hayo nimeyasikia kwa wateja, kwa mafundi wenzangu na hata kwa walimu wa fizikia, na sasa nimeona niyajibu kwa maandishi, kwa sababu hitimisho lake ni sahihi ilhali sababu yake ina pengo kubwa. Nilimwomba aigeuze miwani, mikono ya miwani ielekee kwenye skrini, kisha atazame kupitia upande wa nyuma. Aliona picha mbili zimepandana katika kila jicho. Kama siri ingekuwa duara peke yake, kugeuza huko kusingebadilisha chochote.

Tuanze na miwani ya aina ya zamani, yenye polaraiza za mstari, yaani vichujio vinavyopitisha mtetemo wa mwelekeo mmoja tu. Projekta moja hutoa picha ya jicho moja kwa mwanga unaotetema katika mstari ulioinama upande mmoja, ya pili hutoa picha ya jicho jingine kwa mwanga wenye mstari unaoukata wa kwanza kwa pembe mraba, na kila kioo cha miwani hupitisha mstari wake na kuuzuia wa mwenzake. Sheria ya Malus, iliyojulikana tangu 1809, inatuambia kitakachotokea kichwa kikiinama: ukiinamisha kwa nyuzi 10, takriban asilimia 3 ya picha ya jicho la pili itapenya, kwa nyuzi 20, asilimia 12, kwa nyuzi 45, nusu nzima. Anayeegemea bega la mwenzake huona picha pacha iliyofifia pembeni mwa kila kitu, na hakuna marekebisho ya projekta yatakayomsaidia.

Mwanga wa polaraizesheni ya mviringo, unaotumiwa na miwani ya kijana yule, ni kama kamba ya mkonge. Kamba iliyosokotwa kulia, uishike wima, uilaze au uigeuze kichwa chini, msokoto wake hubaki wa kulia. Ukiitazama kwenye kioo ndipo utauona umekuwa wa kushoto. Vivyo hivyo, mwelekeo wa mtetemo wa mwanga huu huzunguka kadiri unavyosafiri, na jicho moja hupewa msokoto wa kulia, jingine wa kushoto. Skrini ya fedha hugeuza msokoto kama kioo kinavyofanya, nasi tunapofunga vichujio mbele ya projekta tunalihesabu hilo. Ukuta wa kawaida uliopakwa chokaa huuvuruga msokoto wote, na hapo hakuna miwani itakayofaa. Ukiinamisha kichwa kwa nyuzi 30, kamba haibadiliki. Kinachobadilika ni wakati ambao mtetemo unapita mbele ya alama fulani ya miwani yako, na jicho halina uwezo wa kuitambua tofauti hiyo.

Hadi hapo kijana yule yuko sahihi. Anachokiacha ni kwamba ndani ya miwani hakuna kitu cha duara kinachozuia mwanga. Kuna tabaka mbili zilizogandishwa pamoja. Linaloelekea skrini ni bamba la robo wimbi, ambalo huuchelewesha mtetemo wa mhimili wake mmoja kwa robo ya urefu wa wimbi. Linaloelekea jicho ni polaraiza ya mstari, ile ile ya miwani ya zamani, iliyowekwa kwa nyuzi 45 dhidi ya mhimili wa bamba. Bamba huufumua msokoto na kuutoa ukiwa mstari: msokoto wa kulia hutoka ukiwa umeinama nyuzi 45 upande mmoja wa mhimili, wa kushoto upande wa pili. Mwelekeo wa mstari huo hupangwa na bamba, wala si na sakafu ya ukumbi. Kichwa kikiinama, bamba huinama, mstari huinama nalo, na polaraiza iliyo nyuma yake imeinama kwa kiasi kile kile, kwa hiyo polaraiza haioni badiliko lolote. Lau ungeweza kulishikilia bamba lisitikisike, ukaizungusha polaraiza peke yake, picha ya jicho la pili ingepenya kwa kiasi kile kile cha sheria ya Malus. Na ukigeuza miwani nyuma mbele, mwanga hukutana na polaraiza kwanza, ambayo hupitisha nusu ya misokoto yote miwili bila kuitofautisha. Ndicho alichokiona yule kijana.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kauli kwamba miwani hii haivuji hata kidogo. Bamba hilo ni robo wimbi kamili kwa rangi moja tu. Chukua bamba linalochelewesha nanomita 137.5, yaani robo ya 550, ambayo ni kijani. Kwa buluu ya nanomita 450 ucheleweshaji ule ule, wimbi zima likihesabiwa kuwa nyuzi 360, ni nyuzi 110 badala ya 90, na kamba haiwi tena ya mviringo bali imebanwa kidogo, ina upande mrefu, kwa hiyo ina mwelekeo. Kichwa kikiwa wima, bamba la miwani hulazwa likingamane na lile lililo ndani ya kichujio cha projekta, na kosa la moja hufuta kosa la jingine. Kichwa kikiinama, makosa hayo hayafutani tena. Nikikokotoa kwa mabamba mawili yanayofanana, buluu huvuja takriban asilimia 1.4 kwa nyuzi 20, asilimia 6 kwa nyuzi 45, na karibu asilimia 12 mtu akilala kabisa. Nyekundu ya nanomita 650 huvuja asilimia 3 hivi kwa nyuzi 45, na kijani hubaki sifuri. Hesabu hii inaichukulia skrini kuwa haina kasoro, na skrini ya namna hiyo haipo, kwa hiyo ukumbini uvujaji huwa mkubwa zaidi. Dalili yake utaiona kwenye maandishi meupe juu ya giza: laza kichwa, na kando ya herufi patatokea kivuli chenye rangi ya zambarau, wakati miwani ya mstari ingetoa kivuli cheupe kilicho wazi zaidi.

Kutambua uliyonayo ni rahisi. Vaa miwani mbele ya kioo cha kujitazamia, ufumbe jicho moja. Ukiona kioo cha miwani kilicho mbele ya jicho lililo wazi kimekuwa cheusi, miwani yako ni ya mviringo, kwa sababu kioo cha ukutani kimegeuza msokoto. Kikiwa cheusi kile cha jicho lililofumbwa, ni ya mstari.

Liko jambo moja ambalo hakuna miwani inayolitatua. Picha za macho mawili zimetenganishwa kwa mlalo wa skrini. Kitu ambacho picha zake zimeachana sentimita 6, ukiinamisha kichwa kwa nyuzi 20, macho yako hukikuta kimeachana sentimita 2 kwenda juu na chini, na kwa nyuzi 45 sentimita 4. Macho hujikunja kuelekea puani kwa urahisi, lakini moja kupanda huku jingine likishuka ni kazi ambayo misuli yake haiwezi kuifanya kwa kiasi kikubwa. Mama mmoja aliyetazama filamu nzima ameegemea mkono wa kiti alitoka akilalamika kwamba miwani imemuumiza kichwa. Niliijaribu miwani ile mbele ya kioo na ilikuwa nzima. Nilimwomba aketi wima dakika tano za onyesho lililofuata, na picha ikatulia.