Je, wajua? Nusu ya bei ya shati inakokwenda

"Mashati mapya nimeyapenda, ila mbona nilipe nusu leo kwa nguo ambayo haijashonwa, halafu nisubiri siku 21?"

Shati moja ni shilingi 40,000 na arubuni ni 20,000. Siku oda zikifungwa, 14,000 kati ya hizo zinakwenda Kariakoo: 12,000 za kitambaa cha pamba meta mbili, na 2,000 za vifungo, uzi na kitambaa kigumu cha ndani ya kola. Zile 6,000 zinazobaki ni sehemu ya ujira wa fundi. Faida yetu imo kwenye nusu ya pili, ambayo utailipa ukiwa umelishika shati lako mkononi.

Safari hii tunashona mashati 60, kwa hiyo tunanunua meta 120 kwa mkupuo mmoja. Tukinunua kidogo kidogo, jora la wiki ijayo laweza kuwa limetiwa rangi siku nyingine, na bluu zake zikapishana. Dukani chini ya taa huoni kitu. Toka na shati juani, tofauti ya mkono na kifua inajionyesha.

Siku 2 ni za manunuzi, na 2 zinazofuata ni za maji. Pamba hunywea ikifuliwa mara ya kwanza. Tulikata kipande cha sentimita 50, tukakilowesha, tukakianika na kukipiga pasi; kikabaki na sentimita 48. Kwenye shati lenye urefu wa sentimita 75, huko ni kupoteza sentimita 3, na mwenye shati anakuja kugundua nyumbani. Ndiyo maana kitambaa chote kinaloweshwa kabla mkasi haujakigusa. Mvua ikinyesha, kinachelewa kukauka, na hapo hatukimbizi kazi.

Kukata ni siku 2. Vitambaa vinatandazwa tabaka juu ya tabaka, saizi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni lazima tuwe na saizi yako mapema. Kisha mafundi wetu wawili wanashona, kila mmoja mashati manne kwa siku, kazi ya siku 8. Vifungo, pasi na ukaguzi vinachukua siku 3. Jumla ni 17. Siku 4 za mwisho ni akiba ya mvua na umeme kukatika.

Ukibadili nia kabla ya siku ya kukata, arubuni yako inarudi yote. Kitambaa kikishakatwa kwa saizi yako hairudi, ila waweza kumwachia mtu mwingine wa saizi hiyo oda yako. Siku 21 zikipita bila shati kuwa tayari, una hiari ya kusubiri au kurudishiwa pesa yako yote, hata kama kitambaa kilishakatwa.

Oda zinafungwa Jumamosi saa 12 jioni. Tuma rangi, saizi na kipimo cha kifua kwa sentimita.