Kabla ya kununua paneli kubwa, pima nodi ikiwa imelala

Nikiletewa nodi ya sensa ya umeme wa jua inayokata moto kila baada ya siku chache za mawingu, karibu kila mara mwenyewe ameshaamua dawa: paneli kubwa zaidi, betri ya pili. Mimi naanza na mita. Nataka kujua nodi inakula ampea ngapi wakati haifanyi chochote, kwa sababu nodi ya aina hii hukaa bila kazi zaidi ya asilimia 99 ya maisha yake.

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa. Bodi ya ESP32, sensa ya joto na unyevu, betri moja ya lithiamu ya 18650 yenye miliampea-saa 2500, paneli ya volti 6 wati 1. Kila dakika 15 nodi inaamka, inasoma sensa, inatuma vipimo kwa Waifai, inarudi kulala. Kuamka huko kunachukua kama sekunde 4 kwa wastani wa miliampea 100. Zidisha, gawanya kwa 3600, unapata miliampea-saa 0.11 kwa kila kuamka. Kwa siku inaamka mara 96, kwa hiyo kazi yote ya siku nzima inagharimu miliampea-saa 11 hivi. Ni kidogo sana.

Sasa usingizi. Chipu ya ESP32 yenyewe, ikiwa kwenye usingizi mzito na saa yake ya ndani ikihesabu, hutumia mikroampea 10 hivi. Hiyo ndiyo namba inayonukuliwa kila mahali, na ni kweli, ila ni ya chipu, si ya bodi. Kwenye bodi za majaribio chipu haikai peke yake. Kuna kidhibiti volti, mara nyingi AMS1117, ambacho chenyewe hula kama miliampea 5 hata kama hakuna kinachokitegemea. Kuna chipu ya USB. Kuna ile taa nyekundu inayokuambia umeme upo. Jumla ikifika miliampea 10, jambo ambalo halishangazi, siku moja ya kulala inakula miliampea-saa 240. Yaani nodi inatumia zaidi ya mara 20 ya nguvu ya kazi yake ili kulala tu, na programu yako inaweza kuwa haina kosa hata moja.

Betri ile tuihesabie miliampea-saa 2000 zinazotumika kwa usalama. Kwa matumizi ya 250 kwa siku, bila jua inakaa siku 8. Paneli ya wati 1 kwenye jua kali inatoa miliampea 160 hivi, lakini wingu zito likitanda inaweza kushuka hadi sehemu ya kumi ya hapo. Miliampea 15 kwa saa 8 ni 120, nusu ya mahitaji. Ndiyo maana nodi haifi siku ya kwanza ya mvua. Inapungua polepole, halafu inakufa wiki ambayo ulishaisahau.

Dawa yake ni kuondoa vinavyokula bure. Mimi hutumia moduli tupu ya ESP32 isiyo na USB, na kidhibiti HT7833, ambacho hula mikroampea 4 hivi na kinaweza kutoa hadi miliampea 500. Usishawishike na ndugu yake HT7333 kwa sababu tu ni mdogo na umemzoea: mwisho wake ni miliampea 250, na redio ya Waifai inapowaka huvuta zaidi ya hapo kwa kitambo kifupi. Hata ukiwa na HT7833, weka kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na moduli ili ibebe ule mvuto wa ghafla.

Sensa nayo izimwe. Ikiwa inakula miliampea chache tu, unaweza kuipa umeme kutoka pini moja ya moduli, ukaiwasha baada ya kuamka na kuizima kabla ya kulala. Angalia resista za kuvutia juu kwenye waya za data: zikiwa zimefungwa kwenye umeme wa kudumu, sensa uliyoizima itaendelea kunyonya kupitia waya hizo. Zifunge upande ule ule unaozimwa. Vivyo hivyo resista mbili za kupimia volti za betri. Zikiwa za kiloomu 100 kila moja, zinavujisha mikroampea 20 muda wote, mara mbili ya chipu. Zikiwa za megaomu 1, zinavujisha 2, ila uweke kapasita ndogo kwenye pini ya kusomea ili kipimo kitulie.

Ukifanya hayo, usingizi wote unaweza kubaki chini ya mikroampea 30. Hiyo ni chini ya miliampea-saa 1 kwa siku, na jumla ya matumizi inakuwa 12 hivi. Ile siku ya wingu zito sasa inaleta mara kumi ya mahitaji. Paneli ni ile ile, betri ni ile ile.

Kuanzia hapo adui anakuwa muda wa kuwa macho. Ruta ikizimika, nodi iliyoandikiwa isubiri hadi iunganishwe itasubiri hadi betri iishe. Na betri ikiwa chini, linakuja tatizo baya zaidi: redio inawaka, volti zinaporomoka, moduli inajiwasha upya, inajaribu tena papo hapo, na mzunguko huo unakausha kilichobaki. Ukiona kwenye skrini `Brownout detector was triggered` ikijirudia, ndilo hilo. Kwa hiyo volti zipimwe kabla ya kugusa redio, na kusubiri ruta kuwe na kikomo, hapa sekunde 8. Funksheni `voltiBetri`, `unganisha` na `tumaVipimo` utaziandika mwenyewe:

```cpp
RTC_DATA_ATTR int kukosa = 0;

void lala(uint64_t dakika) {
  esp_sleep_enable_timer_wakeup(dakika * 60000000ULL);
  esp_deep_sleep_start();
}

void setup() {
  if (voltiBetri() < 3.5) lala(120);
  if (!unganisha(8000)) {
    kukosa++;
    lala(kukosa < 4 ? 15 : 60);
  }
  kukosa = 0;
  tumaVipimo();
  lala(15);
}

void loop() {}
```

`RTC_DATA_ATTR` inaweka hesabu kwenye kumbukumbu isiyofutika wakati wa usingizi mzito. Kigeu cha kawaida hurudi sifuri kila nodi inapoamka, kwa sababu programu huanza upya kutoka juu. Kusoma volti tumia pini za ADC1, mfano GPIO34. Za ADC2 hugombana na Waifai.

Kupima kwenyewe kuna mtego wake. Ukiweka mita kwenye mikroampea tangu mwanzo, ukinzani wake wa ndani unakula volti nodi inapoamka, na moduli inaanguka kabla haijalala. Utadhani programu ni mbovu. Funga waya mfupi unaounganisha ncha mbili za mita, washa nodi, subiri ilale, kisha ondoa waya usome. Urudishe kabla haijaamka. Ukisoma miliampea badala ya mikroampea, chomoa kitu kimoja kimoja, ukianza na taa na sensa.

Paneli nimeiacha mwisho kwa sababu haina mengi. Seli zake zimefungwa kwa mfululizo, kwa hiyo kivuli cha tawi moja jembamba kwenye seli moja kinaweza kubana mkondo wa paneli nzima. Ikague asubuhi na jioni pia, si saa sita mchana peke yake.