Niger mbili kwenye ramani moja: kuchagua sura ya maandishi

Fungua ramani ya Afrika Magharibi utafute Niger. Utaikuta mara mbili: kuna nchi, na kuna mto unaopita kusini-magharibi mwa nchi hiyo hiyo. Chad ni nchi na ni ziwa. Senegal ni nchi na ni mto. Mchora ramani hawezi kuyabadilisha majina haya, na mara nyingi hana nafasi ya kuandika "Mto" au "Ziwa" kila yanapotokea. Kinachobaki mkononi mwake ni sura ya herufi.

Kwa desturi, majina ya maji huandikwa kwa herufi za mlazo, yaani italiki, na ya miji kwa herufi zilizosimama wima. Wengi hulipaka jina la mto rangi ya bluu wakaona yatosha. Ramani hiyo ikitolewa nakala kwa mashine ya nyeusi na nyeupe, bluu inageuka kijivu kama maandishi mengine, lakini mlazo unabaki. Jina la Niamey, mji ulio kando ya mto Niger, likisimama wima karibu na jina la mto lililolala, msomaji hahitaji ufunguo wa ramani kujua lipi ni lipi.

Hakikisha fonti uliyoichagua ina italiki yake. Isipokuwa nayo, programu nyingi huziinamisha tu herufi za kawaida, na maumbo yake yanapotoka. Kwa fonti zenye vikia, tazama herufi "a": katika italiki halisi mara nyingi hupoteza kile kijipaa cha juu. Kikibaki, kimeinama tu, kuna uwezekano mkubwa ni mlazo wa kuigiza.

Maeneo mapana yana shida nyingine, maana jina linatakiwa lionyeshe eneo linaanzia wapi na kuishia wapi. Ndiyo maana tunatumia herufi kubwa zilizoachanishwa. Herufi ndogo hazifai kwa kazi hii: ukizitawanya, neno linavunjika. Hata herufi kubwa zina kikomo chake. Chukua Sahara, yenye upana wa takribani kilomita 4,800 toka mashariki hadi magharibi. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:20,000,000 hiyo ni sentimita 24. Tuseme unataka jina lienee theluthi mbili, yaani sentimita 16, kwa herufi zenye upana wa milimita 5 na kimo cha milimita 6. Herufi sita zinachukua milimita 30. Zilizobaki 130 zinagawanywa kwa nafasi tano, milimita 26 kila moja. Hiyo ni zaidi ya mara nne ya kimo cha herufi, na jicho linaanza kuokota herufi mojamoja, hasa pale majina ya LIBYA na ALGERIA yanapojiingiza katikati. Mimi ningeridhika na nusu ya eneo: sentimita 12, nafasi za milimita 18. Ningelipaka pia rangi ya kahawia iliyofifia, ili majina ya nchi yasomeke juu yake.

Sasa halo, ule ukingo wa rangi unaozunguka herufi ili mistari ya barabara na mipaka isizikate. Hapa ndipo ramani nyingi huharibika. Katika programu ya ramani ya QGIS ukiwasha `Draw text buffer`, ukubwa unaokuja wenyewe ni milimita 1. Maandishi ya pointi 8 yana herufi ndogo zenye kimo cha takribani milimita 1.4. Ongeza milimita 1 juu na 1 chini, unapata utepe wa milimita 3.4 unaofuta kila kilichopo chini yake, pamoja na mto wenyewe unaoutaja. Anza na milimita 0.3 hadi 0.5, na uipe halo rangi ya mahali jina lilipo: ya mchanga jangwani, ya bluu ya ziwa ndani ya ziwa. Halo nyeupe juu ya mchanga huonekana kama kiraka.

Herufi zilizoachanishwa zisipewe halo kabisa. Kila moja itageuka doa. Zisogeze tu zisikae juu ya mistari. Na jina likipita kwenye ardhi ya rangi nyingi, hakuna rangi moja ya halo itakayokubali. Hapo tumia kichupo cha `Mask`, kilichomo katika QGIS tangu toleo la 3.12: kinakata mistari ya tabaka unazozichagua, barabara kwa mfano, na kuacha rangi ya ardhi ilivyo. Kisha chapa ramani kwa ukubwa wake halisi kabla ya kuamua, kwa kuwa halo inayoonekana nyembamba kwenye skrini uliyoikuza haikuambii itakavyokaa kwenye karatasi.