Kwa nini nilichagua heshi tano badala ya saba

Apu tunayoitunza hapa Kisumu hutumiwa na maduka ya agroveti, Ahero hadi Mumias, kupokea vocha za mbolea. Kabla ya kumpa mkulima gunia lake, mwenye duka lazima ajue kama vocha ile imeshatumika kwingine. Mtandao ukiwa hafifu, kuuliza seva kwa kila vocha huzaa foleni. Orodha nzima ya vocha zilizotumika, tuseme laki mbili zenye namba za tarakimu 12, ni kama megabaiti 2.4 ikiandikwa kama maandishi, na bando la kuishusha kila asubuhi analilipa mwenye duka. Kwa hiyo simu hubeba kichujio cha Bloom badala ya orodha yenyewe: biti milioni 2, yaani kilobaiti 250.

Kichujio hiki, alichokieleza Burton Bloom mwaka 1970, ni safu ya biti zinazoanza zote zikiwa zimezimwa. Ukiingiza vocha, namba yake inapitishwa kwenye fanksheni kadhaa za heshi. Kila moja inataja nafasi kwenye safu, na biti ya nafasi hiyo inawashwa. Ukiuliza baadaye, unaangalia nafasi zilezile. Ukikuta hata biti moja imezimwa, vocha hiyo haikuingizwa, hakuna shaka. Zikiwa zote zimewaka, pengine iliingizwa, au pengine vocha nyingine ndizo zilizoziwasha. Hiyo ya pili ni ndiyo ya uongo, na kwa sababu yake simu inapopata ndiyo yoyote huuliza seva kwanza.

Anayeumia hapo ni mkulima mwenye vocha halali anayeambiwa asubiri. Kuiskani tena hakumsaidii, maana namba ileile huangukia nafasi zilezile. Hata "hapana" ina mpaka wake: inahusu orodha ya asubuhi, haijui vocha iliyotumika saa nne duka la jirani.

Sasa, fanksheni ziwe ngapi? Tuite idadi yake k, biti m, na vocha zilizoingizwa n. Uwezekano wa ndiyo ya uongo kwa vocha ambayo haimo ni takriban:

```
p = (1 - e^(-k*n/m))^k
```

Ndani ya mabano ni sehemu ya biti zilizowaka. Kipeo k ni idadi ya biti zinazopaswa kuwaka kwa pamoja ili tudanganyike. Ukiongeza k, sharti linakuwa gumu zaidi, lakini kila vocha inawasha biti nyingi zaidi na safu inajaa haraka. Nguvu hizi mbili zinavutana. Kwa biti 10 kwa kila vocha, k ya 1 inatoa asilimia 9.5, k ya 3 asilimia 1.7, k ya 7 asilimia 0.82, na ukifika 14 umerudi kwenye 1.9. Chini kabisa ni pale k = (m/n) × ln 2, hapa 6.93, ambapo karibu nusu ya biti huwa zimewaka.

Wengi huishia hapo na kuandika 7. Mimi nimeandika 5. Kwa vocha laki mbili, 5 inatoa asilimia 0.94, tofauti ambayo hakuna mwenye duka atakayeiona. Lakini mvua za masika zikianza, vocha zinazotumika huongezeka kwa kasi. Zikifika laki nne kabla hatujajenga kichujio kipya, k ya 7 inapanda hadi asilimia 13.8, na k ya 5 hadi 10.1. Zote mbaya, ila k bora ya leo ndiyo inayoharibika zaidi kesho, kwa kuwa inajaza safu upesi. Ningechagua 7 bila kusita kama orodha ingekuwa haikui.

Kujua hali yake ni rahisi: hesabu sehemu ya biti zilizowaka, uipandishe kwa kipeo k. Kwa k ya 5, laki mbili huwasha asilimia 39 hivi. Nusu ikiwaka, karibu na vocha 277,000, makosa ni asilimia 3.1, na hapo ndipo tunapojenga kipya. Safu hairefushwi ilivyo, kwani nafasi zote zilihesabiwa kwa m ya zamani. Lazima seva ianze upya kutoka kwenye orodha kamili.

Baada ya kujenga, tunakiuliza kichujio namba 10,000 ambazo hazijawahi kutolewa, tunahesabu ndiyo ngapi. Kichujio kipya chenye biti 10 kwa kila vocha kinapaswa kutoa 94 hivi. Zikija 300, fomula haina kosa, heshi zetu ndizo zinazorundika nafasi mahali pamoja, na kichujio hicho hakitoki kwenye seva.