Riba ya mwisho wa mwezi: "ikifeli si unaianzisha tu upya"

Natesti mifumo ya saccos, nipo hapa Tabora mjini, na hizi ndo dhana nazokutana nazo kila nikifika kwenye jobu ya riba ile inayokimbia usiku wa kufunga mwezi.

Dhana: Jobu ikikatikia njiani, iwashe tena, itamalizia.

Ukweli: itamalizia kama imeandikwa kumalizia, la sivyo inaanza mwanzo. Kuna saccos moja umeme ulikatika jobu ikiwa imefika akaunti kama 700 kati ya 1,200, asubuhi mtu wa zamu akaiwasha tena, ikafika mwisho, logi ikaandika imefanikiwa na kila mtu akaendelea na kazi zake. Siku ya tatu akaja mzee mkulima wa tumbaku katokea Urambo, kashika kitabu chake cha akiba, kapiga hesabu kwa peni pembeni, akamwambia binti wa kaunta "mjukuu wangu hii hela imezidi, msije mkanikata baadae bila kuniambia". Mzee yule ndo aliyeikamata bagi, sio sisi, na iliniuma sana.

Sasa angalia hesabu. Salio milioni 1, riba 6% kwa mwaka, Januari siku 31:

```
1,000,000 × 0.06 × 31/365 = 5,095.89
1,005,095.89 × 0.06 × 31/365 = 5,121.86
```

Mstari wa pili ndo riba iliyoingia asubuhi, imekokotolewa juu ya salio lililoshaongezwa riba ya usiku. Ndo maana tulipotafuta kwenye databesi akaunti zilizoingiziwa kiasi kilekile mara mbili hatukupata kitu, viasi havifanani! Ukitafuta marudio tafuta akaunti na mwezi, usitafute kiasi. Na kinga yake iwe kwenye databesi yenyewe:

```sql
ALTER TABLE riba
  ADD CONSTRAINT riba_mara_moja
  UNIQUE (akaunti_id, mwezi);
```

Ila hapa pana mtego, kuongeza salio na kuandika rekodi ya riba lazima viwe ndani ya transaksheni moja. Nimeshaona rekodi ya pili inakataliwa vizuri kabisa halafu salio linapanda hivyohivyo kwa sababu lilikuwa linaongezwa pembeni.

Dhana: Kama hakuna aliyelipwa mara mbili, basi marudio yako salama.

Hii ndo inawaponyoka wengi. Tulishaziba marudio, tukafurahi, kumbe wale 500 waliobaki jana usiku walikokotolewa asubuhi kwa salio la asubuhi. Mama mmoja alikuwa na milioni 1, saa mbili asubuhi katoa laki 4 za ada ya watoto, jobu ikapita saa tatu ikamkuta na laki 6, akapata 3,057.53 badala ya 5,095.89, na huyo hawezi kuja kaunta kulalamika maana hajui alitakiwa apate ngapi. Jobu inatakiwa isome salio la kufunga tarehe 31, sio salio lililopo muda huo.

Testi nayoiamini ni hii: chukua bekapu moja, itengenezee nakala mbili. Ya kwanza kimbiza jobu hadi mwisho bila kuigusa. Ya pili iue katikati kwa `kill -9`, kisha toa na weka hela kwenye akaunti kadhaa ambazo hazijafikiwa, kwa tarehe 1, halafu iwashe tena. Linganisha riba akaunti kwa akaunti mpaka senti, ikitofautiana hata moja haijapita. Na usiiue sehemu moja tu, iue mwanzoni, iue kwenye akaunti ya mwisho, iue kati ya kuandika rekodi na kuongeza salio.

Dhana: Cron itakumbuka.

Haikumbuki. Sava ikiwa imezima saa tano usiku, cron haitarudi kukimbiza kilichopita, na ukiandika `0 23 31 * *` ndo kabisa, Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba haikimbii maana hazina tarehe 31. Timer ya systemd yenye `Persistent=true` inajitahidi, ikiwaka inakimbiza ulichokosa, ila inakimbiza mara moja tu hata kama umekosa miezi miwili.

Kwa hiyo jobu yenyewe iangalie mwezi gani haujalipwa, isiulize leo ni tarehe ngapi. Kwenye sava ya majaribio naizima kabla ya usiku wa tarehe 31 Januari 2025, naiwasha tarehe 3 Machi. Kila akaunti lazima iwe na rekodi mbili, Januari ya siku 31 na Februari ya siku 28, na Januari itangulie, maana kwenye mfumo huu riba yake inaingia kwenye salio ambalo Februari inalikokotoa.